Mafunzo ya kupokea mtambo mpya wa kuondoa chumvi, kisiwani Pate: nimepewa siku mbili, ratiba yangu hii ikosoeni

Jahazi_la_Mtangawanda

Assalaam aleikum wana jukwaa. Naomba macho ya wenye uzoefu.

Kijijini kwetu, kisiwani Pate, tumefungiwa mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima. Miaka yote tumetegemea jabia na mvua ya Mungu, na jabia zikikauka ni mitungi ya punda. Mtambo umekwisha kufungwa, umejaribiwa, unatoa maji. Sasa mkandarasi anataka kutukabidhi, na mkataba unasema lazima atoe mafunzo kwa wale watakaouendesha. Atamleta mkufunzi siku mbili. Kamati ya maji imenipa mimi kazi ya kuandika ratiba, kwa sababu nilisoma ufundi wa umeme kidogo pale Mombasa. Mambo ya maji sikuyasomea.

Hesabu za mtambo ni hizi: unavuta mita za ujazo 4 kwa saa kutoka kisimani, unatoa 2 matamu na 2 za kutupa. Maji ya kisima yana chumvi miligramu 5,000 kwa lita, na yaliyotoka siku ya majaribio yalikuwa 150. Pampu kubwa ilisimama kwenye baa 13. Utafanya kazi saa kumi kwa siku.

Nilivyopanga: siku ya kwanza asubuhi, slaidi za jinsi utando unavyochuja chumvi, halafu dawa zinazotumika. Mchana tutembezwe tuone vifaa. Siku ya pili asubuhi kuwasha na kuzima, mchana matengenezo, maswali na kugawa vyeti. Wanafunzi ni sita. Wawili Kiingereza hakiwapandi, na mwongozo wote ni Kiingereza. Je, inatosha?

Nahodha_wa_Pampu (Malindi)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mitambo ya namna hii nimeiendesha hotelini huku kwa miaka mingi, na mafunzo ya makabidhiano nimeyakalia mengi kuliko harusi. Ratiba yako inampendeza mkandarasi. Asubuhi nzima ya slaidi ni asubuhi ambayo hakuna mtu atakayemwuliza swali la kumkera.

Ipindue. Watu waanze kwa miguu. Kabla ya kikombe cha chai cha pili muwe mmesimama kisimani, na mfuate bomba kwa mkono mpaka kwenye tangi la maji matamu. Kila valvu mnayoikuta, mmoja wenu aseme ni ya nini na ikifungwa itatokea nini. Akikosea, mkufunzi asahihishe pale pale. Mpewe kibao cha plastiki kila mmoja na waya, mzitundikie valvu majina ya Kiswahili mnayoyatumia nyinyi wenyewe. Habari ya «V-107» ibaki kwenye mchoro. Ukifika saa nne usiku maji yanamwagika, kijana wa zamu hatafuti mia na saba. Anatafuta «valvu ya kutupa».

Halafu kuwasha na kuzima usikuweke siku ya pili. Kuanze siku ya kwanza mchana, na kila mmoja wa sita afanye mwenyewe, mkufunzi mikono mfukoni. Watu sita, mara moja moja, ni mchana mzima. Wakati wa kuzima ndio wenye siri. Mtambo ukizimwa ghafla, maji mazito ya chumvi yanabaki ndani ya utando. Ule upande wa kutupa una karibu 10,000, maana chumvi yote iliyokuwa kwenye mita 4 sasa imo ndani ya 2. Yakikaa humo usiku kucha na joto la kwetu, chokaa inaganda kwenye utando. Kwa hiyo kuzima ni kusafisha kwanza kwa maji matamu, dakika tano hadi kumi, hadi mita iseme yale yanayotoka yamepungua chumvi. Ndipo unalala. Kijana asiyejua sababu hii ataruka hatua hiyo siku ya mechi.

Na kuwasha: valvu ya kutupa iwe wazi kabisa, pampu kubwa iwake, ndipo uibane polepole hadi ufike baa 13. Maji ya dakika za mwanzo yasiingie tangini, yatupwe mpaka mita ya chumvi iteremke.

Mkaa_Pwani

Samahani wakuu, na mtungi wa lita 20 mtauuza shilingi ngapi? Maana huku kwetu tunanunua ghali na hakuna wa kutuuliza.

Jahazi_la_Mtangawanda

Mkaa_Pwani, hilo bado liko kwa kamati, na vita vyake mimi sivitaki.

Nahodha, shukrani sana. Habari ya kufuata bomba nimeichukua. Ila nauliza, kama slaidi tunaziondoa, mambo ya dawa yatafundishwa lini? Kuna dawa ya kuzuia chokaa, na kuna pipa jingine la klorini.

Komeo_la_Mlango

Hapo kwenye klorini nisaidie. Kisima ndio chanzo cha uchafu, kwa hiyo ratiba iwe na saa moja ya kufundisha watu kutia klorini kisimani kila wiki. Maji yakiingia mtamboni yakiwa yameshauawa wadudu, utando hauoti ute. Sisi kwenye kisima cha msikiti tunafanya hivyo na maji yako salama.

Nahodha_wa_Pampu

Komeo, nusu umepata, na nusu nyingine itawagharimu utando mzima. Utando wa mitambo hii kwa kawaida ni wa poliamaidi, na klorini inaukata. Maji yanayoingia yasiwe na klorini hata ya kuonja. Kisima cha msikiti hakina utando, kwa hiyo hakikujali.

Klorini mahali pake ni baada ya mtambo, kwenye tangi la maji matamu, ili maji yasichafuke njiani na kwenye mitungi. Hapo unataka ibaki kidogo, kama miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita bombani. Lile pipa la pili bila shaka ni la huko. Ikitokea kisima kimeoza kweli na lazima kitiwe dawa, mtambo ufungiwe valvu kwanza, kisima kitiwe, kiachwe, kivutwe na kumwagwa nje mpaka kidonge cha kupimia kisibadilishe rangi ya maji hata kidogo. Ndipo ufungue.

Na hapa pana jambo ambalo mkufunzi lazima alifundishe kwa sauti kubwa, kwa sababu linadanganya. Klorini ikiula utando, mtambo unatoa maji mengi zaidi. Kijana wa zamu anafurahi, anaandika mita 2.3 badala ya 2, anampigia simu mwenyekiti ampe habari njema. Ni baada ya siku kadhaa anaonja na kusema mbona yana chumvi. Maji yameongezeka na chumvi imeongezeka, hiyo ni klorini au utando umepasuka mahali. Maji yamepungua na chumvi inapanda kidogo kidogo, huo mara nyingi ni ukoko wa chokaa. Mkitoka na hayo mawili tu vichwani, siku mbili hazikupotea.

Komeo_la_Mlango

Sawa, nimekubali. Lakini ute utauzuia na nini basi?

Nahodha_wa_Pampu

Kwa kisima kizuri kilichofunikwa, mara nyingi chujio la mchanga na kusafisha wakati wa kuzima vinatosha. Kisima kikiwa kibaya kuna dawa maalum, ila hiyo ni shauri la yule aliyesanifu. Isiwe kazi ya mtu wa zamu kubuni.

Bi_Barafu

Mimi niko Malindi, nilikuwa mwekahazina wa kikundi cha wavuvi. Tulipata mtambo wa barafu, na mafunzo yalikuwa mazuri tu, tena siku tatu. Waliokaa darasani walikuwa mwenyekiti, katibu, mjumbe mmoja aliyevaa suti, na fundi wa kuazima ambaye baada ya mwezi alipata kazi Mombasa akaenda zake. Vijana wawili waliokuwa wanalala pale na mtambo usiku walikuwa nje wakipika pilau ya wageni. Siku gesi ilipovuja, wale vijana walijua kitu kimoja tu, kukimbia. Alhamdulillahi walikimbia.

Kwa hiyo ndugu Jahazi, kabla ya ratiba, niambie hao sita ni akina nani. Kuna hata mmoja wa zamu ya usiku? Kuna mwanamke? Maana maji yakiharibika wa kwanza kujua ni wanawake waliopanga foleni, na wao ndio watakaoonja.

Jahazi_la_Mtangawanda

Bi_Barafu umenigusa penye kidonda. Kati ya sita, watatu ni wajumbe wa kamati. Nitapigana wawili wao watoke, waingie kijana wa zamu na dada mmoja anayesimamia kioski cha maji. Mmoja abaki, maana wajumbe ndio wenye sahihi ya kununua dawa na vipuri, na asiyejua katriji ni nini hatatoa pesa yake.

Nimeandika upya. Siku ya kwanza asubuhi kufuata bomba na kutundika majina. Mchana kuwasha na kuzima, kila mtu. Siku ya pili asubuhi dawa, na kila mmoja achanganye kwa mkono wake. Mchana nimeweka «ajali za kuigiza»: mkufunzi aharibu kitu kwa siri, sisi tukitafute. Moja niliyoifikiria ni kuigiza katriji iliyoziba kwa kubana valvu iliyo kabla ya chujio.

Nahodha_wa_Pampu

Ajali za kuigiza ndio mafunzo yenyewe, hongera. Ila hiyo uliyoandika itawafundisha uongo. Tazama chujio lako la katriji lina geji mbili, ya kuingia na ya kutoka. Katriji ikiziba, geji ya kuingia inabaki juu na ya kutoka inashuka. Tofauti yao ndiyo inayopanua mdomo. Katriji mpya tofauti ni ndogo sana, na ikifika karibu baa 1, badilisha, usingoje. Wewe ukibana valvu iliyo kabla ya chujio, geji zote mbili zinashuka pamoja na tofauti haiongezeki. Hiyo ni ishara ya pampu ya kisima iliyochoka au valvu iliyosahaulika nusu, si ya katriji. Vijana wakizoea kwamba geji zikishuka dawa ni kubadilisha katriji, watabadilisha katriji kumi na kisima ndicho kimekauka.

Fanya zote mbili. Bana valvu wasome geji, waseme. Kisha mwombe mkandarasi aje na katriji chafu kutoka mtambo mwingine, muifunge, msome tena. Weka namba mbili hizo ubaoni, upande kwa upande. Baada ya hapo hawatasahau, hata yule asiyesoma Kiingereza.

Kwenye dawa ya kuzuia chokaa, usikubali mafunzo yaishie kwenye kuonyeshwa pampu ndogo inavyogonga tik-tik. Pampu hizo hugonga hata zikiwa zimemeza hewa, hazipeleki kitu. Fanyeni hesabu pamoja. Tuseme kipimo ni gramu 3 kwa kila mita ya ujazo inayoingia (ulizia cha kwenu, huwa kinatofautiana). Mita 4 kwa saa ni gramu 12. Ukichanganya kilo moja ya dawa kwenye lita 50, kila lita ina gramu 20, kwa hiyo pampu inatakiwa kumeza lita 0.6 kwa saa, yaani lita 6 kwa siku ya saa kumi. Chukueni kalamu ya wino mzito, mchore mistari ya lita ubavuni mwa pipa. Jioni kijana anatazama, maji ya pipa yameshuka lita 6 au hayakushuka. Yasiposhuka, pampu ina hewa, na mtambo hautakwambia. Utakwambia baada ya wiki kadhaa utando ukishaganda.

Kusi_na_Kaskazi

Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme moja. Mimi ni wa Faza, visima vyetu vinaijua bahari. Wakati wa bamvua chumvi hupanda, maji mafu hushuka. Mtambo wa watu fulani nilioushuhudia, mtu wa zamu aliona maji matamu yametoka 150 yakafika 195, akawaita mafundi kwa boti, wakatoa utando, wakaurudisha, pesa ikaenda. Kumbe kisima tu.

Nahodha_wa_Pampu

Maneno ya dhahabu hayo, na ndiyo maana ya daftari la zamu. Jahazi, siku ya kwanza ya makabidhiano hamtapokea mtambo tu, mtapokea namba za mtambo ukiwa mpya. Namba hizo zikipotea hamtajua kamwe kama umezeeka.

Chukua kisa cha Kusi. Kisima kikiwa 5,000 na matamu 150, kinachopenya ni 3 kwa kila 100. Siku ya bamvua kisima kimefika 6,500 na matamu 195. Gawa: bado ni 3 kwa 100. Utando mzima, lala. Lakini siku nyingine kisima ni 5,000 ile ile na matamu ni 260. Hapo ni zaidi ya 5 kwa 100. Sasa ita mafundi. Kijana aliyepima maji matamu peke yake hawezi kuzitofautisha siku hizo mbili. Kwa hiyo daftari liwe na safu ya chumvi ya kisima pia, na safu ya mwezi: bamvua au maji mafu. Mkufunzi kutoka bara atashangaa safu hiyo, mwacheni ashangae.

Zaidi ya hapo ni geji nne, maji matamu kwa saa, maji ya kutupa kwa saa, na joto la maji. Joto lina maana, maji yakipoa kila nyuzi moja yanapungua kama asilimia 3. Kila saa mbili inatosha. Ukiwaandikia safu ishirini watazijaza zote jioni wamekaa barazani.

Mwenye_Spana

Mimi napinga kitu. Mmesema kijana wa zamu abane valvu ya kutupa hadi baa 13. Mimi ningeifunga kwa kufuli siku ya makabidhiano, ikae pale ilipowekwa. Watu wakitaka maji mengi siku ya harusi wataibana zaidi, baa zitapanda, wapate mita 2.4, na utando utaumia.

Nahodha_wa_Pampu

Hofu yako naielewa, nimeiona. Lakini ukiifunga kwa kufuli, mtambo utawaka kila asubuhi na shinikizo likiruka ghafla, na bamvua ikija hawana la kufanya. Mimi natia alama ya rangi kwenye mpini, na swichi ya shinikizo la juu naiweka chini kidogo, mtambo uzime wenyewe.

Mwenye_Spana

Swichi nayo kijana ataizungusha. Kufuli ni kufuli.

Kusi_na_Kaskazi

Mkimalizana hapo, mkumbuke pia ratiba ya boti. Mkufunzi wa bara akishuka Mokowe akakuta maji yametoka Mkanda, siku yenu ya kwanza inaanza saa nane mchana. Na msipange Ijumaa.

Bi_Barafu

Na fomu ya mafunzo msitie sahihi asubuhi ya siku ya kwanza pamoja na ya mahudhurio. Kwetu ilikuwa karatasi moja.

Jahazi_la_Mtangawanda (siku kumi na mbili baadaye)

Narudisha ripoti. Mkufunzi alifika, kijana mpole, na kweli boti ilichelewa, siku ya kwanza tukaanza saa saba. Slaidi zake alikuja nazo. Nilimwomba azionyeshe usiku baada ya isha kwa atakayetaka, wakaja wawili.

Kufuata bomba kulichukua saa mbili na nusu, na tuligundua valvu moja ya kumwagia kisimani iliyofungwa kinyume na mchoro. Mkandarasi ameirekebisha na mchoro mpya ameahidi. Dada wa kioski ndiye aliyezima vizuri kuliko wote, aliisubiri mita mpaka mwisho. Mimi mwenyewe niliruka hatua ya kumwaga maji ya mwanzo, nikachekwa.

Katriji chafu haikuletwa. Tuliibana valvu tu, ila nilichora geji mbili ubaoni nikaeleza tofauti. Sijui kama imewaingia. Mmoja bado anasema geji zikishuka badilisha katriji.

Pipa tumelichora mistari. Siku ya pili jioni lilikuwa limeshuka lita 2 badala ya 6. Mkufunzi naye alishangaa. Pampu ilikuwa na hewa tangu siku ya majaribio, na ilikuwa ikigonga tik-tik vizuri kabisa.

Fomu nimeitia sahihi ya mahudhurio peke yake. Ya mafunzo nimesema arudi baada ya miezi miwili, kila mmoja awashe na kuzima mbele yake bila kuulizwa, ndipo nitie. Mkandarasi anasema mkataba hauna safari nyingine. Kamati imegawanyika. Kuna mtu humu aliyewahi kulishinda hilo?

Mwenye_Spana

Valvu mliifunga kwa kufuli?

Jahazi_la_Mtangawanda

Rangi nyekundu tu, kaka. Kwa sasa.